Uzile na giligilani za Ramadhani: kaanga kila kumi, si mwezi mzima

Karafuu unaweza kuinunua Pemba siku ile ile inapotoka mkekani. Uzile na giligilani ni habari nyingine. Majani ya kotmiri tunapanda bustanini, lakini mbegu zinazojaa kwenye magunia ya Darajani na Chake Chake hazikulimwa hapa. Uzile hasa unataka nchi kavu yenye kibaridi wakati unapokomaa, na sehemu kubwa ya ule unaouzwa duniani hutoka majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India. Soko lake kubwa liko katika mji wa Unjha. Kuanzia shamba la huko hadi kwenye mizani ya muuza duka wetu kuna maghala, meli, bandari na magunia. Muda huo wote hatuna uwezo nao. Tunachoweza kuchagua ni kama mbegu ziupitishe zikiwa nzima au zikiwa zimeshasagwa.

Ndani ya kila mbegu kuna vijia vyembamba vilivyobeba mafuta yenye harufu. Mbegu ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa na ganda. Ukiisaga umeyafungua yote kwa mara moja, nayo yanaanza kuruka hewani. Ndiyo maana jiko zima linanukia unaposaga: kile unachokisikia puani hakitaingia tena kwenye mchuzi. Pia kuna mafuta mengine yasiyo na harufu, karibu asilimia 20 ya uzito wa mbegu, ambayo yakikutana na hewa kwa muda mrefu huchacha. Unga wa zamani kwa hiyo una kasoro mbili, harufu nzuri imekwenda na nyingine isiyotakiwa imeanza kuingia.

Kukaanga kunaongeza jambo la pili. Moto mkavu unaifanya mbegu iwe tete, isagike kwa urahisi, na unazaa harufu mpya ya kukaangwa ambayo mbegu mbichi haina. Lakini moto huo huo unaidhoofisha mbegu. Mbegu iliyokaangwa haidumu kama mbichi, na iliyokaangwa kisha ikasagwa ndiyo inayokufa mapema kuliko zote. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu mambo katika mwezi wa Shaaban: tunakaanga na kusaga bizari ya mwezi mzima kwa siku moja, tunajaza chupa kubwa, na ikifika kumi la pili tunashangaa mbona katlesi hazinukii kama za siku za mwanzo. Dawa yake ni kununua mara moja, kuweka mbichi, na kukaanga mara tatu, mara moja kwa kila kumi.

Hesabu kabla ya kwenda sokoni

Tuchukue nyumba ya watu sita au saba inayopika mchuzi kila siku na kutengeneza kitu kimoja cha futari chenye bizari, kama sambusa au katlesi. Kwa kawaida inatumia vijiko viwili vya chai vya unga wa uzile na viwili vya giligilani kwa siku. Kijiko cha chai cha uzile uliosagwa kina uzito wa zaidi kidogo ya gramu 2, na cha giligilani ni pungufu kidogo ya gramu 2. Kwa siku kumi unahitaji vijiko ishirini vya kila kimoja, ambavyo ni kama gramu 45 za uzile na gramu 40 za giligilani. Ongeza kidogo kwa maji yatakayokauka motoni na makapi yatakayobaki kwenye chekeche, na utapata kipimo cha kukumbuka: gramu 50 za kila mbegu kwa kila kumi.

Mwezi mzima basi ni gramu 150. Nunua robo kilo ya kila kimoja. Hiyo ziada ya gramu 100 ina kazi zake: pilau ya Sikukuu, na wageni wa futari ambao hawaingii kwenye hesabu yoyote.

Kununua

Dukani taja jina kamili. Ukiomba bizari tu unaweza kupewa ile ya manjano ya mchuzi, au mchanganyiko wa pilau uliokwishasagwa. Sema unataka uzile, nzima. Angalia pia usipewe shamari, ambayo ni mbegu nene zaidi, ya kijani, na ukiitafuna ni tamu. Uzile mzuri ni mwembamba, wa kahawia iliyopauka yenye kijani kwa mbali, na ukitafuna una ukali na uchungu kidogo.

Chukua mbegu chache, zisugue viganjani kwa nguvu, kisha nusa. Harufu inapaswa kupanda papo hapo. Ikibidi ukaribishe pua na kutafuta, mbegu hizo zimeshakaa sana, na moto wa nyumbani hautazifufua. Kwa giligilani, tazama tundu. Kuna vidudu vidogo vya kahawia vinavyoipenda sana, na vinatoboa mbegu kwa tundu dogo kama la sindano. Mwombe muuzaji akuchotee kutoka chini ya gunia, si juu tu, na ukiona unga laini umetuama kwenye chombo wakati mbegu ni nzima, huo ni unga wa vidudu. Ondoka. Mbegu zilizopasuka vipande viwili si hoja zikiwa chache, zikiwa nyingi zimeshapoteza harufu.

Ukungu nao hausameheki. Mbegu zenye utando mweupe au wa kijivu, au harufu ya chumba kilichofungwa, tupa. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa moto wa kikaangoni.

Siku ya kununua: kupepeta na kuhifadhi mbichi

Mimina mbegu kwenye ungo, pepeta vumbi na makapi, chagua vijiti na vijiwe. Giligilani ina vijiwe vya ukubwa wake na rangi yake, kwa hiyo ifanye kwenye mwanga wa mchana, vyenginevyo utavijua kwa jino.

Wapo wanaoosha robo kilo yote na kuianika. Sikatazi kuosha, lakini osha zile tu unazokwenda kukaanga, na uzianike mpaka zikauke kabisa siku hiyo hiyo. Mbegu za kuweka zisiguswe na maji. Zikionekana kavu kwa nje huku ndani zina unyevu, ukizifungia kwenye chupa umepanda ukungu.

Zigawe kila moja kwenye chupa mbili ndogo za kioo zenye kifuniko cha kuzungusha. Chupa za jemu zinafaa sana. Chupa ya achari usiitumie hata ikioshwa mara ngapi, harufu imeshaingia kwenye mpira wa kifuniko. Chupa ioshwe na ikauke juani, na kifuniko chake pia, maana tone moja lililojificha kwenye mzunguko wa kifuniko linatosha kuharibu. Jaza mpaka karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi. Mfuko mwembamba wa plastiki hauzuii harufu, na uzile uliofungwa hivyo ukiwekwa kabati moja na karafuu utanuka karafuu.

Kama una friza, funga mbegu vizuri na uziache humo wiki nzima kabla ya kuziweka kabatini. Baridi inaua vidudu na mayai usiyoyaona. Ukizitoa, usifungue chombo mpaka kiwe na joto la chumba. Ukifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu utageuka matone juu ya mbegu.

Kabati liwe mbali na jiko na dirisha lenye jua. Rafu ya juu ya jiko ni rahisi kwa mkono lakini ndiyo mahali pabaya kuliko pote, joto na mvuke vinapanda huko kila siku. Katika hali nzuri mbegu mbichi hukaa vyema mwaka mmoja. Wanaoandika kwa nchi kavu hutaja miaka miwili au zaidi, lakini kwa hewa hii ya pwani, na kwa kuwa hatujui zilikaa muda gani kabla, mwaka unatosha.

Kukaanga

Siku moja kabla ya kumi kuanza, pima gramu 50 za uzile na gramu 50 za giligilani. Bila mizani, ni kama vijiko vinane vya kulia vya uzile na kumi vya giligilani, vya kusawazisha.

Usizikaange pamoja. Uzile ni mwembamba na unaiva upesi, giligilani ni duara yenye uwazi ndani na moto unachelewa kuingia. Ukizichanganya utapata uzile ulioungua au giligilani iliyo mbichi, hakuna kati yake.

Tumia kikaango kizito cha chuma. Sufuria nyembamba ya bati inapata moto kwa madoa, na mbegu zinaungua mahali pamoja huku nyingine hazijapata joto. Kama ni seredani, subiri makaa yafanye jivu kisha uyatandaze. Kama ni gesi, moto uwe wa kati ukielekea mdogo. Pasha kikaango tupu dakika mbili, bila mafuta.

Anza na uzile. Mimina, tandaza uwe tabaka moja, na ukoroge kwa mwiko bila kuacha. Dakika ya kwanza haitatokea kitu, na hapo ndipo mtu anashawishika kuongeza moto. Usiongeze. Baadaye harufu itabadilika: mwanzo ni ile kali ya mbegu mbichi, kisha inakuwa ya joto, nzito, yenye kitu cha njugu ndani yake. Rangi inakoza hatua moja. Mbegu zinaanza kulia kidogo kidogo. Hapo ni kati ya dakika mbili na tatu, na hapo hapo unaipua. Mvuke mweupe mwepesi si tatizo, ni unyevu unatoka. Moshi wa buluu unaowasha macho maana yake umeshachelewa.

Kuzima jiko hakutoshi, kikaango kinaendelea kukaanga. Mimina mbegu mara moja kwenye sinia baridi iliyo tayari pembeni, uzitandaze.

Futa kikaango kwa kitambaa kikavu, kisha weka giligilani. Kikaango sasa kimeshika moto lakini giligilani inauvumilia. Ipe dakika nne hadi tano kwa kukoroga. Itatoka kwenye rangi ya majani makavu kuelekea dhahabu iliyokoza, harufu yake itakaribia ya ganda la chungwa lililopashwa, na mbegu chache zitarukaruka. Kipimo cha uhakika ni kuchukua moja, iache ipoe, uibane kwa kucha. Ikivunjika kwa sauti imeiva. Ikibonyea bado.

Ukiunguza, onja punje moja kabla ya kuamua. Mbegu nyeusi ina uchungu ambao nazi haiuzimi wala ndimu haiufichi, na ikisagwa pamoja na nyingine unaenea kwenye chupa nzima. Gramu 50 si hasara kubwa kuliko sufuria ya kuku iliyoharibika.

Acha sinia nusu saa, mbali na chungu kinachochemka. Mbegu ikifungiwa au kusagwa ingali moto inatoa jasho, na unga utaganda mabonge. Lakini pia usiiache wazi usiku kucha. Asubuhi itakuwa imenywa unyevu wa hewa na utete wote umekwenda.

Kusaga

Kinu na mchi kinafaa, ila kisiwe kile cha kutwangia thomu. Mashine ndogo ya kusagia kahawa ni nyepesi zaidi. Isagishe kwa vipindi vya sekunde chache na kuipumzisha, kwa sababu kisu kinapata moto na moto huo unarusha harufu. Uzile unasagika mara moja. Giligilani ina ganda lenye nyuzi, kwa hiyo saga, pitisha kwenye chekeche la unga au chujio la chai, rudisha chenga mashinani, chekecha tena. Makapi ya mwisho yatie kwenye supu na kuyachuja, yana harufu bado.

Mimi husaga uzile laini na giligilani naiacha na chenga kidogo, kwa sababu chenga zinaupa mchuzi uzito. Kwa katlesi na sambusa yote iwe laini, chenga ndani ya mbatata zinaudhi. Viweke mbalimbali, visichanganywe chupani. Biriani inataka giligilani nyingi kuliko uzile, na ukishachanganya huwezi kurudi nyuma.

Chupa ya unga iwe ndogo kiasi cha kujaa gramu 50 hizo. Chota kwa kijiko kikavu. Usiitikise juu ya sufuria inayochemka, mvuke unaingia ndani na siku ya tatu utakuta bonge. Unga huu uko kwenye ubora wake wiki mbili za mwanzo, na mwezi mmoja bado unatumika. Kwa kuwa kumi linaisha kabla ya hapo, hutafika pa kuchoka. Kumi la pili rudia, na la tatu rudia. Kazi nzima, tangu kupima hadi kufunga chupa, ni kama saa moja, na sehemu kubwa ni kusubiri ipoe.

Si kila chakula kinataka mbegu iliyokaangwa kavu. Kwa pilau, pale unapoutia uzile mzima kwenye mafuta na vitunguu, mafuta yenyewe ndiyo yanaukaanga. Tumia mbegu mbichi kutoka kabatini. Ukitia iliyokwishakaangwa itaungua kabla vitunguu havijageuka rangi.

Unga wa dukani una mahali pake

Bizari ya kusagwa ya dukani mara nyingi imesagwa mbichi, kwa hiyo haina ile harufu ya kukaangwa, na tarehe iliyo kwenye pakiti huwa ya kufungwa, si ya kusagwa. Pia huwezi kuona kilichomo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu uzile wa kusagwa uliokutwa na njugu ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti, na bidhaa nyingi ziliondolewa madukani. Kwa mtu anayedhurika na njugu hilo si jambo la ladha tu. Mbegu nzima haiwezi kufichiwa njugu ndani yake.

Hata hivyo sitakwambia usage kila kitu. Manjano kavu ni ngumu, inavunja mashine ndogo, nunua unga. Shughuli ya watu mia mbili haipikwi kwa mashine ya kahawa. Hapo peleka mbegu zilizokaangwa na kupoa kwenye mashine ya kusagia viungo, lakini uliza kilichosagwa kabla yako. Kikiwa ni pilipili, omba wapitishe kwanza konzi ya mchele mkavu na uumwage, la sivyo bizari yako itawasha.

Ukiwa na unga wa dukani tu, usijaribu kuukaanga mkavu, unaungua kwa sekunde. Subiri vitunguu viive kwenye mafuta, tia unga, fuatisha mara moja maji vijiko viwili, koroga mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge pembeni. Ule ubichi unakwisha. Pakiti iliyofunguliwa imalize ndani ya miezi miwili, na nunua ndogo. Kuijaribu kama bado ina nguvu, saga punje chache nzima kati ya vijiko viwili na uzinuse pamoja na unga huo. Kama unga unanuka vumbi mbele ya punje, unaongeza rangi tu kwenye mchuzi wako.

Baada ya Sikukuu

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2026 na 2027 imeangukia Februari na Machi. Maana yake Sikukuu inapokelewa na masika. Mbegu zilizobaki baada ya pilau zikague kabla mvua hazijashika: mimina kwenye sinia nyeupe, tazama tundu na unga wa vidudu. Zikiwa safi, zianike saa mbili kwenye jua la asubuhi, zipoe, uzirudishe kwenye chupa iliyojaa mpaka juu. Kama zimebaki nusu chupa, hamishia kwenye chupa ndogo zaidi. Unga uliobaki usiuweke kwa ajili ya mvua, upakaze kwenye samaki wa kuchoma wiki hiyo hiyo.